Sinia la Mama Nasiri

Mimi ni mtu wa maneno mengi na hasira za karibu, hapa Kigali mtaa wetu wa Rwezamenyo mzima wanalijua hilo, na kwa hiyo sitajitetea. Neno lililomwondoa Mama Nasiri nililisema mimi, Sefu fundi cherehani, nikiwa na tonge mkononi.

Jina lake ni Mwamini, lakini kila mtu alimwita Mama Nasiri. Mume alikufa zamani. Nasiri, mwanawe wa pekee, alioa Kahama, Tanzania, akabaki huko anauza vipuri vya pikipiki. Kila Idi alimpigia simu mama yake amwambie: njoo ukae na wajukuu, unafanya nini peke yako huko? Naye kila Idi alijibu hivyo hivyo. "Nikija, hawa watoto wangu nitamwachia nani?"

Watoto wenyewe ndio sisi, mafundi sita wa karakana moja, mdogo wetu ana miaka thelathini na minane. Chumba chake kilikuwa nyuma ya karakana yetu. Tukisha kuswali adhuhuri, tulikuta mkeka umetandikwa uani kwake na sinia limejaa, wali pembeni, kuku katikati. Tulikula mkono mmoja, sinia moja, naye akikaa kwenye kigoda akitutazama na kutusema: wewe unakula kama unakimbizwa, wewe umekonda, mkeo hakupikii? Tulimlipa, ndiyo, lakini ukiondoa saa ile moja, mama yule alikuwa hana mtu wa kusema naye mpaka kesho yake. Alituambia mwenyewe, wala hakuona haya kulisema.

Miaka yote alipika kuku wa kienyeji, majike yaliyochoka kutaga, nyama ya kuvutana nayo kwa meno. Mwaka huu kuku hao wakapanda bei hawashikiki. Akaanza kununua kuku wa kisasa kutoka kwa mfugaji mmoja wa Ndera, nje kidogo ya mji, wanaletwa wamechinjwa na wamegandishwa. Laini, wanono. Tulifurahi. Siku ya tatu nikavunja paja, na karibu na mfupa nikaona wekundu.

Sasa mjue sisi ni watu gani. Mkristo akiona wekundu kwenye kuku atasema haijaiva, irudishwe jikoni. Mwislamu anaona damu, na damu kwetu si chakula. Nikasema kwa sauti, bila kufikiri, "Mama Nasiri, unatulisha damu? Huyu kuku kachinjwa na nani?"

Mikono sita ikatoka kwenye sinia kwa pamoja.

Alilichukua lile paja akaligeuza. Akasema amelichemsha saa nzima, na mchinjaji anamjua, ni mtu wa msikiti. Tukanawa, tukainuka. Kesho yake alichemsha saa mbili, nyama ikawa nyuzi, na mfupani wekundu ukawa bado upo. Hapo ndipo tulipothibitisha, au tulidhani tumethibitisha. Maana kama saa mbili za moto hazikuuondoa, basi ni damu iliyobaki mwilini, kuku hakuchinjwa sawasawa. Mimi ndiye niliyeitoa hoja hiyo, na wenzangu wakaiona ina akili. Mmoja akaanza kula kwenye mgahawa wa barabarani, kisha wawili, kisha sote. Hatukugombana naye. Afadhali tungegombana. Tulimsalimia tukipita, naye akaitikia, na mkeka ukawa hautandikwi tena.

Ikapita miezi minne.

Juzi nilipeleka Remera sare za wapishi wa hoteli moja. Mkuu wa jiko ni Trinah, mwanamke aliyekulia Kampala, mkali lakini mwenye heshima. Akaniambia nisiondoke na njaa, akaniwekea paja la kuku. Nikalivunja. Wekundu ule ule! Nikaisukuma sahani nikamwambia, dada, mimi sili damu.

Hakucheka, wala hakukasirika. Alifungua oveni, akatoa paja jingine la kundi lile lile, akachukua kipimajoto chenye ncha kama sindano yangu ya magunia. Akakichoma mahali penye nyama nene, akiangalia kisiguse mfupa, kwa sababu mfupa, alisema, unadanganya kipimo. Kikaandika nyuzijoto themanini na mbili. Akaniambia sabini na nne zinatosha kuua vijidudu vyote vinavyoogopwa kwenye kuku. Kisha akalipasua mbele yangu. Mfupani palikuwa pekundu vile vile.

"Fundi, hii kuku iko sawa," alisema. "Unaona kuku ya wiki sita. Ni mtoto."

Akanieleza bila haraka. Kuku wa kisasa anachinjwa kabla mifupa yake haijakomaa. Bado ina vitundu vidogo vidogo. Ndani ya mfupa kuna uboho, na uboho ni mwekundu. Ukimgandisha, barafu inaupasua uboho, na akipata moto rangi yake inapenya vile vitundu na kutia nyama iliyo jirani, na wakati mwingine hata mfupa wenyewe unageuka mweusi. Nyama imeiva, rangi imebaki. Jike la kienyeji la miaka miwili mfupa wake umeziba, halitoi kitu, ndiyo maana hatukuwahi kuona. Na akaongeza kwamba kuna kuku anayekuwa mweupe kabisa na bado hajaiva, kwa hiyo wao hawamwamini mtu anayepima kwa macho.

Nilimwuliza kuhusu uchinjaji. Akasema hata aliyechinjwa vizuri kuliko wote, akatolewa damu yote, uboho wake unabaki ndani ya mfupa. Uende wapi?

Nililila paja lile lote. Nikamshukuru Trinah, nikatoka.

Nilirudi Rwezamenyo kwa pikipiki, nikapita karakana bila kusimama, nikabisha kwa Mama Nasiri. Alikuwa amekaa kitandani, na chumba kilikuwa cheupe. Masufuria hayakuwepo. Pembeni mifuko miwili ilikuwa imefungwa kamba. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: wiki sita, uboho, kipimajoto, themanini na mbili. Nikamwomba msamaha, na mimi si mtu wa kuomba msamaha. Nikamwambia nitawaita wenzangu sasa hivi, na kesho tutakula kwake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilijua imeiva, Sefu."

Nikamwuliza alijuaje.

"Mlipoinuka siku ile, nililila mimi. Sinia zima, siku zote mbili, kisha nikajipikia na kuku wengine nikala. Nilisema kama ni mbichi itaniumiza mimi. Sikuumwa hata tumbo."

"Na mchinjaji?"

"Nilikwenda Ndera kwa basi. Nikasimama nikamwona akichinja, kwa bismillahi, damu ikatoka yote. Nikarudi."

"Sasa mbona hukutuambia?"

Akaniangalia, bila hasira hata kidogo. Laiti angenitukana.

"Nilikuwa nangoja mmoja wenu aingie aulize," akasema. "Mlango ulikuwa wazi."

Basi la Kahama lilikuwa la alfajiri, na tiketi alikuwa ameshakata. Nilimbebea mifuko mpaka kituoni, nikamwambia atarudi, akasema akipenda Mungu. Kwenye dirisha la basi nilimsikia akimweleza jirani yake wa kiti, mwanamke asiyemjua, kwamba ana watoto sita Kigali.