Kiu ya Lulu

Mwalimu Gozbert amefundisha baiolojia Temeke miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyempita kwa ubishi. Nilimpenda hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyeanzisha klabu yetu ya kukimbia pale Tandika, nami kila Jumapili asubuhi nilifuata nyuma na bajaji yangu, nimepakia katoni za maji.

Sheria ya maji ilikuja baada ya Jonas, mmoja wa wakimbiaji wetu, kuanguka Februari iliyopita. Jua lilikuwa kali, Jonas alikuwa amekataa kunywa kwa ubishoo tu, akalala chini midomo imekauka. Tulimnywesha polepole kivulini, na baadaye akakojoa kidogo, rangi ya chai ya rangi. Mwalimu akatueleza kila kitu kwa kijiti mchangani: maji yakipungua damu inakolea, seli ndogo zinazopima ukolezi huo ubongoni zinasinyaa, ndipo kiu inakuja. Ubongo unaachia homoni ya kuzuia mkojo, na figo zinabana maji yaliyobaki. Ukinywa kupita kiasi mambo yanageuka: zile seli zinavimba, kiu inakatika, homoni inazimwa, unakojoa mkojo mwingi mweupe.

Somo zuri. Kisha akatunga sheria mbovu: kila kilomita mbili, kila mtu amalize chupa ya nusu lita mbele ya bajaji, awe na kiu au asiwe nayo. Hakuna aliyepinga, hata mimi. Nani ambishie mwalimu kuhusu mwili?

Lulu alikuwa muuza vitenge, mwili mdogo, mbio za kobe. Siku ya kilomita ishirini na moja, kwenda mbele kidogo ya Rangi Tatu na kurudi, yeye alitembea zaidi ya kukimbia. Waliotangulia walikuwa wameshaoga na yeye bado yuko barabarani, na kwa vile mie na Mwalimu tulimsindikiza, hakukosa hata chupa moja.

Kwenye chupa ya nane alisimama, akaizungusha pete yake. Haikuzunguka, vidole vilikuwa vimevimba.

"Mwalimu, mie sina kiu kabisa. Tumbo limejaa, kichwa kinauma."

"Kichwa kinauma kwa sababu umekaukiwa, Lulu. Kunywa."

"Kweli sitaki."

"Ukisubiri kiu utaanguka kama Jonas. Marijani, mfungulie."

Nikamfungulia. Mkono wangu huu. Alikunywa kwa heshima, kama mtoto anayemeza dawa.

Kwenye kilomita ya ishirini alitapika maji matupu, akaanza kuniita Fakihi, jina la kaka yake aliyekufa. Mwalimu akasema joto limempanda, akamshikia chupa ya kumi mdomoni. Muda mfupi baadaye alikakamaa na kutikisika, tukampakia juu ya katoni tupu.

Hospitali, muuguzi aliyeitwa Atuganile hakuuliza mengi.

"Amekunywa nini?"

"Maji," Mwalimu akajibu, tena kwa fahari. "Lita tano. Nilimhesabia mwenyewe."

"Amekojoa?"

Kwa saa tatu na nusu hakuwahi kuomba kusimama.

Majibu ya damu yalionyesha chumvi imeshuka mno. Wakamtundikia dripu ya chumvi kali. Mwalimu akang'ang'ania: "Lakini maji yakizidi homoni inazimwa! Alitakiwa ayakojoe yote!"

"Inatakiwa," Atuganile alisema. "Ila mbio ndefu, maumivu na kichefuchefu vinaiamsha homoni hiyo hiyo, hata damu ikiwa nyepesi. Figo zake ziliendelea kubana maji, nanyi mkaendelea kumwaga. Ubongo umevimba, mwalimu. Kiu yake ndiyo ilikuwa inasema kweli."

Lulu alifariki Jumanne. Msibani kaka yake mkubwa, Suleiman, alitushukuru kwa kumwahisha hospitali. Sijawahi kushukuriwa vibaya namna ile. Nilitaka kumwambia, nikashindwa.

Mwalimu alimwambia. Alikwenda kwake baada ya arobaini, peke yake, na hadi leo hajanieleza alijibiwa nini.

Mwezi uliopita nilimpelekea daftari alilosahau kwenye bajaji, nikamkuta darasani. Ubaoni kulikuwa na figo mbili na ubongo. Msichana mmoja, Yasmini, alinyoosha kidole.

"Mwalimu, kama maji yakizidi kiu inakatika, mtu atawezaje kunywa mpaka afe?"

Mwalimu Gozbert aligeuka kutoka ubaoni. Akaniona mlangoni. Akaweka chaki chini.

"Anaambiwa na mwalimu wake," akasema.