Siku Nilipopimwa kwa Mizani ya Magunia

Mume wangu alinipandisha kwenye mizani ya magunia mbele ya wateja wawili, Wasafwa waliokuwa wameleta maharage. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, dukani kwetu Mbeya. Aliniambia nisimame tu pale, akasukuma lile jiwe la mizani polepole kama alivyofanya kwa kila gunia, akachungulia, akacheka. Akawaambia wale wakulima kwamba nimekaribia gunia la mahindi. Wao hawakucheka. Mmoja aliangalia chini, mwingine akauliza bei ya maharage.

Yeye mwenyewe hakupanda. Mwenye mizani hapimwi. Kitambi chake kilikuwa kimetangulia mbele yake miaka mingi, kikiingia barazani kabla yake, lakini kile watu wa mji walikiita heshima. Changu mimi kiliitwa uvivu.

Nieleze tulivyofika pale. Nilipoolewa Iringa nilikuwa msichana mwembamba mwenye mikono migumu. Mume wangu, mjukuu wa watu waliotoka pwani, alikuwa akichuuza vitambaa kwa miguu mpaka Kilolo, akipanda na kushuka vilima na furushi kichwani. Mimi nilitwanga, nilichota maji bondeni, nilipasua kuni. Jioni tulikula ugali mkubwa na hakuna aliyebakiza, na hakuna aliyenenepa.

Kisha tukahamia Mbeya. Akapata duka, akapata kiti. Mahindi yakawa yanasagwa kwa mashine, maji yakawa ya bomba uani, kuni zikaletwa na mtu. Nikazaa, nikanyonyesha, nikafika miaka arobaini na kitu. Kazi zote zilitutoka moja baada ya nyingine, mimi na yeye, ila sahani ikabaki ileile. Ikaongezwa wali wa nazi, maana malori ya pwani yalileta nazi, na chai ya sukari mara nne kwa siku. Sasa hebu niambie mtu mwenye akili angeshangaa nini tuliponenepa.

Lakini yeye alishangaa. Tena alishangaa kwa upande wangu tu. Siku ile ya mizani, wateja walipoondoka, alisema alichokuwa amekipanga. Mjomba wake wa Iringa amemtafutia mke wa pili, binti wa watu, mtulivu, mwembamba. Mimi, kwa maneno yake, nimekwisha kuchoka. Ila yeye ni mtu wa haki, alisema, atanipa Ramadhani nzima. Siku ya Idi tutapima. Nikiwa nimerudi kama alivyonioa, mambo yataishia hapo. Nisiporudi, atakwenda kuposa, na mimi nitamfuata Iringa nikawaambie kaka zangu kwa mdomo wangu kwamba nimeridhia.

Nilimdharau siku ile kwa namna ambayo sijapata kumdharau mtu. Lakini nilikuwa na hofu pia, sitaficha. Nyumba ile niliijenga naye, na sikutaka mtu mwingine jikoni mwangu.

Nikaenda hospitali. Niliwaambia nyumbani kwamba ni kwa ajili ya magoti, na kweli magoti yalikuwa yakiniuma, lakini nilichokwenda kutafuta ni dawa ya kukonda. Bwana mganga, kijana mwenye miwani aliyesomea Dar es Salaam, alinibonyeza magoti, akaniuliza ninakula nini na ninafanya kazi gani. Nilimwambia. Akaniambia dawa hana.

"Mama, mwili unakula hata ukiwa umelala," alisema. "Moyo unapiga, ini linafanya kazi, yote hayo yanataka chakula. Na nyama hii ya mkono, hii inayokaza unapobeba kitu, nayo inakula kuliko mafuta. Umri ukisogea, nyama hiyo hupungua, hasa usipoitumikisha. Matumizi ya mwili yanashuka."

Nikamuuliza kama basi ni uzee.

"Uzee kidogo. Kwa umri wako huo moto wa mwili haujashuka sana. Kilichoshuka sana ni kazi. Ulikuwa unachota maji bondeni, sasa unafungua bomba."

Sikupenda kuambiwa hivyo na mtoto. Nikamuuliza nitarudi lini kuwa kama nilivyokuwa msichana. Alinitazama, akasema bila kupepesa macho kwamba sitarudi. Nikipunguza chakula kidogo, sukari na nazi hasa, nisiache maharage, maziwa na nyama, nikatembea kila siku na kurudi kubeba na kutwanga, nitapungua polepole, na si sana. Lakini kidogo hicho kikikaa, magoti yatakihisi. "Na usijinyime chakula ukafa njaa," aliongeza. "Ukijinyima, mwili unakula nyama yake wenyewe na unabana matumizi. Siku ukirudi kula, mafuta yanarudi upesi, na nyama hairudi upesi hivyo."

Nilitoka pale nimekasirika. Nilikwenda kutafuta muujiza nikapewa mchi na kinu.

Hata hivyo nilikitoa kinu stoo. Nikamwambia yule mtu wa kuni apumzike. Sokoni niliacha kutuma mtu, nikawa nakwenda mwenyewe, narudi na kapu kichwani nikipanda ile njia ya mawe, nikihema mwanzoni mpaka majirani wakadhani naumwa. Wake wa wafanyabiashara wenzetu walinicheka. Walisema nimeshushwa cheo. Wanawake ambao kazi yao kubwa kwa siku ni kuhamisha mto kutoka kiti hiki kwenda kile.

Mume wangu naye alikuwa na njia yake. Mchuuzi mmoja wa dawa alimuuzia chumvi ya haluli, ile ya kuharisha, akamwambia inayeyusha mafuta. Akaniletea. Nilikataa. Akasema basi atanionyesha inavyofanya kazi, kwa kuwa yeye hana cha kuogopa kwenye mizani. Akajipima, akainywa. Kutwa nzima alikuwa mtu wa chooni. Jioni alipanda mizani na kupiga kelele ya furaha, ratili kadhaa zimeondoka kwa siku moja. Barazani hawakuzungumza kingine.

Huyu, na hapa ndipo dharau yangu ilipokomaa, ni mtu ambaye hakuna mkulima aliyeweza kumdanganya kwa mahindi. Alichukua punje, akaitia mdomoni, akaivunja kwa jino. Ikilia, kavu. Ikibonyea, alitema na kulirudisha gunia lote. "Unaniuzia maji," aliwaambia. "Nikikununulia leo kwa uzito huu, wiki ijayo maji yamekauka na mimi nimepata hasara." Wako waliokuwa wakimwagia mahindi maji usiku ili yawe mazito, na aliwatambua kwa kutia kiganja tu ndani ya gunia. Mtu huyohuyo alijikausha maji mwilini mwake akadhani amepunguza mafuta.

Ramadhani ikaja, na baridi ya Mbeya ya Juni. Alifunga, sisemi hakufunga. Mchana alilala. Magharibi alianza na uji wa sukari, sambusa, mihogo ya nazi, akapumzika, akala wali, akaamka kwa daku akala tena. Aliamini kwamba kwa kuwa mchana hali kitu, basi hali kabisa. Mimi nilifuturu kwa uji usio na sukari nyingi, maharage, kipande cha nyama, ugali wa kiasi. Nilikuwa na njaa kidogo karibu muda wote na kwa hasira hiyo nilitwanga vizuri.

Siku mbili kabla ya Idi alirudia haluli, usiku baada ya kufuturu, na maji akayakwepa. Asubuhi ya Idi hata tende kabla ya swala hakuigusa, eti mpaka apimwe. Macho yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Aliporudi kutoka kuswali alikuja na rafiki zake wa barazani, wafanyabiashara wa mahindi na ngozi, wawe mashahidi.

Alipanda yeye kwanza safari hii. Amepungua, tena sana. Wakampongeza. Kisha mimi. Nilikuwa nimepungua kitu ambacho hakijai kikapu. Rafiki mmoja, kwa adabu, akasema, "Shemeji amejitahidi." Mume wangu akafungua mikono kama hakimu aliyemaliza kesi. Atakwenda Iringa.

Sikubishana. Niliwakaribisha chakula. Nilimpa mume wangu mtungi wa maji ya baridi, akanywa kama ng'ombe aliyetoka machungani, akanywa sharubati, akala pilau, akanywa tena. Adhuhuri ilipopita nikawaomba mashahidi walewale wamrudishe kwenye mizani. Alikataa. Wao wakadhani ni mchezo wa sikukuu, wakampandisha wakicheka.

Uzito ulikuwa umerudi wote, na juu yake kidogo.

"Mume wangu," nilisema, "umewauzia wenzako maji."

Hawa walikuwa watu wa mahindi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Yule mfanyabiashara wa ngozi ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kile kilikaa mjini mwezi mzima. Mimi walinipima tena pia, kwa haki. Nilizidi kidogo kwa chakula nilichokula, ila bado nilikuwa chini ya uzito wa siku ile ya Wasafwa.

Unadhani aliacha? Mtu aliyeaibika haachi, huongeza mwendo. Wiki ileile tulipanda lori la mtu lililokuwa likielekea Morogoro, likatushusha Ipogolo, chini ya mlima. Mji wa Iringa uko juu. Njia ile nilikuwa nikiipanda msichana na mtungi kichwani, na yeye aliipanda na mafurushi. Nilichukua kapu langu la zawadi ya mama, nikaanza kupanda.

Sikuwa mwepesi. Nilihema, nikasimama, nikaenda tena, magoti yakilalamika bila kukataa. Nilipogeuka sikumwona. Nilimsubiri kwa adabu mahali penye mwamba, akatokea, uso umekuwa wa majivu, mkono mmoja kiunoni. Akakaa chini na kanzu yake ya kuposea. Akakaa tena mbele kidogo. Akakaa mara nyingine mbele ya ukuta wa nyumba ya kwanza, na hapo ndipo mjomba wake na baba wa yule binti, waliokuwa wametoka kutupokea, walimkuta.

Baba wa binti aliitazama ile kanzu iliyojaa vumbi. Alikuwa Mhehe asiye na maneno mengi.

"Bwana," alisema, "mimi niliambiwa nakuja kupokea mkwe. Huyu ni wa kuuguza. Binti yangu hajasomea unesi."

Posa ilifia pale ukutani. Kwa kaka zangu hakuna lililosemwa, maana hapakuwa na la kusema. Nilikaa kwa mama, nikanywa chai isiyo na sukari, nikamsikia mume wangu chumba cha pili akihema mpaka jioni.

Msichana sikurudi kuwa. Bwana mganga alisema kweli, na nilimdharau bure. Nilibaki mwanamke mnene wa kiasi anayepanda mlima, na nikipunguza mwendo wa kinu kwa mwezi mmoja tu niliona kiuno kikirudi, kwa hiyo kinu hakikurudi stoo tena.

Tuliporudi Mbeya, asubuhi moja nilikuwa nafunga kitambaa kichwani niende sokoni. Mume wangu akasimama mlangoni na kapu la pili mkononi, akitazama pembeni.

"Mama watoto," alisema, "unaondoka sasa? Twende wote."

Nikamwambia njia anaijua. Nikatoka, na sikumngoja.