Karatasi Tatu Kwenye Droo ya Cherehani

Fundi wa sare alikuwa na pambo moja tu dukani mwake, nalo ni binti yake. Mteja akija kupimwa mabega, fundi humwambia, "Taja mwaka wowote na namba ya swali." Binti, amekaa juu ya robota la kitambaa, hujibu kabla mteja hajafunga mdomo. Mitihani ya kumaliza shule ya msingi ya miaka saba iliyopita ilikuwa kichwani mwake, nukta kwa nukta. Akiifanya tena kwenye karatasi, anapata mia.

Fundi mwenyewe, alipokuwa msichana, alitolewa shule darasa la tatu ili kaka yake asome. Kaka akasoma, akapata ofisi yenye kiti cha kuzunguka, na mpaka leo hajasema asante. Ndiyo maana kila mia ya binti ilimwingia fundi kama kitu chake kilichoibwa mchana kweupe na sasa kinarudi. Binti ataingia sekondari. Hilo halikuwa na mjadala.

Yakaja matokeo ya mtihani wa majaribio: thelathini na moja.

Mke wa kaka ndiye aliyefika wa kwanza, eti kuchukua sketi. "Wifi, yule kasuku wako leo amekauka koo?"

"Sketi yako haijapigwa pindo," fundi akasema. "Rudi Ijumaa."

Akafunga duka, akamshika binti mkono mpaka shuleni. Mwalimu wa hesabu aliwawekea karatasi mezani, akasoma swali la nne kwa sauti. "Fundi ana kitambaa mita kumi na nane. Sare moja inakula mita moja na nusu. Atashona sare ngapi?"

"Kumi na mbili," fundi akasema palepale, maana hiyo ndiyo kazi yake.

"Mwanao ameandika kumi na sita."

"Lakini ni kumi na sita!" Binti akalia. "Mwaka ule ilikuwa kumi na sita!"

"Mwaka ule kitambaa kilikuwa mita ishirini na nne, binti," mwalimu akasema taratibu. "Umeona neno fundi, ukaona sare, ukaandika la mwaka ule. Hukusoma mita."

Fundi akaitazama ile kumi na sita. Alimkumbuka mwanafunzi wake wa kushona, aliyekata gauni juu ya sanamu la kuvalishia nguo dukani. Alibana hapa, akapunguza pale, akafuata hata kovu la bega la lile sanamu bovu. Gauni likakaa kama ngozi. Lakini hakuna mwanamke mwenye pumzi aliyeweza kulivaa.

"Nunua mitihani mingine, akariri na hiyo," wifi alishauri Ijumaa, akijipima sketi.

"Nguo ya kuazima haisitiri, wifi. Hata ukiazima kumi."

Fundi alirudi kwa mwalimu akaomba mitihani mitatu ambayo binti hajapata kuiona. Akaifungia kwenye droo ya cherehani, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Ile ya zamani iliendelea kuwa ya mazoezi, ila majibu yake akayachoma. Na kila jioni, akishona, akawa anageuza namba. "Mita thelathini je? Na sare ikila mita mbili? Usiniambie jibu kwanza. Niambie unagawa nini, na kwa nini."

"Mama, wewe hata kusoma hujui."

"Ndiyo uzuri wake. Nieleze mpaka mimi nielewe."

Wiki ya tatu akafungua droo, akatoa karatasi ya kwanza. Mwalimu akasahihisha: arobaini na nne. Binti akataka kuirudia ili apate zaidi.

"Hapana. Hiyo umeshaiona, haipimi tena. Ipeleke kwenye mazoezi."

Ya pili ikaleta hamsini na tisa. Ya tatu fundi akaiweka mpaka wiki moja kabla ya mtihani: sabini. Hakumwambia mtu, ila siku hiyo cherehani ilikimbia kama ina haraka yake.

Matokeo ya mtihani wenyewe yalibandikwa ukutani shuleni. Binti alikuwa na sabini na moja, na jina lake lilikuwa juu ya ule mstari mwekundu wa wanaoingia sekondari.

Wifi alikuwepo. "Sabini na moja tu? Si alikuwa anapata mia, wifi?"

"Ile mia ilikuwa ya karatasi," fundi akasema, kwa sauti iliyofika mpaka getini. "Hii ni yake. Mwambie kaka yangu aje na yeye aulizwe swali jipya, akalie kiti chake akizunguka, tuone."

Akajitanda kanga, akatembea katikati ya barabara na binti yake ubavuni. Dukani akatoa kitambaa bora alichokuwa nacho cha sare ya sekondari. Hakukata kwa sanamu, kama yule mwanafunzi wake. Alimpima mwanawe mwenyewe mabega, kiuno na urefu, akaacha na upindo wa kutosha, maana mtoto bado anakua.