Salamu Zisizo na Mwenyewe

Kuna kazi zingine, jamani, afadhali ukose. Mwelu alikuwa mbunifu katika ofisi moja ya Kitengela iliyotengeneza programu ya simu ya kutazama video na kupiga soga. Bosi wake, Kinyanjui, alitaka kitu kimoja tu: mtu akiingia asitoke, na akitoka arudi.

Mwelu ndiye aliyeleta wazo la salamu. Ukikaa siku kadhaa bila kufungua programu, simu inalia: fulani amekusalimu, anangoja jibu lako. Huyo fulani hata hana habari. Mashine imeokota jina lake tu kati ya marafiki zako. Ukifungua ujibu, video zinaanza zenyewe, moja baada ya nyingine, bila mwisho. Mwelu alijua watu wa kwao hawawezi kuacha salamu bila kujibu. Ndiyo maana akaichagua. Watu wakarudi kweli, akapongezwa.

Mamake, Ndulu, ana duka la nafaka Bisil. Hakuwa anaongea na dadake Nthambi, anayelima Entarara, tangu walipogombana kwa mazishi ya mama yao. Halafu siku moja simu ikamwambia Nthambi amemsalimu. Ndulu alilia mbele ya wateja. Akajibu, Nthambi asirudishe neno. Baada ya siku chache, salamu nyingine. Basi akawa anashinda na hiyo simu, akipitisha video hizo zote kwa kidole akitafuta uso wa dadake, wateja wanachoka kungoja na kwenda zao. Mwishowe akafunga duka, akabeba sukari na leso mpya, akaenda Entarara. Nthambi alimsimamisha hapo langoni, akasema programu hiyo aliiacha zamani, hajamsalimu mtu, na kama amekuja kumchezea, arudi alikotoka.

Mwelu alipoambiwa hayo na mamake kwa simu, alimwendea Kinyanjui na kumsihi salamu ziondolewe. Kinyanjui hakukasirika hata kidogo. Alisema zikiondolewa watu hawatarudi, na kwani si yeye Mwelu aliyezileta? Mwelu akatoka. Akapanda gari la Bisil.

Alimkuta mamake ameketi juu ya gunia la maharagwe, sukari bado iko kwa mfuko.

"Mwaitu, mama yangu, dadako hakukusalimu. Ni mashine. Na mimi ndiye niliyeipanga hivyo."

Ndulu aliweka mfuko wa sukari chini. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma Mwelu kuliko kofi. Kisha akachukua simu na kumwonyesha.

"Na hizi zako?"

Zilikuwa nyingi. Mwelu amekusalimu, anangoja jibu lako. Ndulu alikuwa akiwaambia majirani kwamba mtoto wake, na kazi yote hiyo ya Kitengela, hajawahi kumsahau.

"Sema hizi ni zako, Mwelu."

Mwelu alizitazama zote. Hakuna hata moja aliyoituma.