Yuniti Mia Mbili Hamsini na Tisa

Kazi yangu miaka hiyo ilikuwa kufunga wifi kwenye nyumba za watu hapa Nakuru, ila kichwani nilikuwa tayari na kampuni. Ilikuwa na bango la bluu na kiti kinachozunguka, na mimi ndiye niliyekizungusha. Nje ya kichwa nilikuwa na ngazi ya kuazima, mkoba wa kebo, na gredi ya hesabu ya Kidato cha Nne ambayo mama yangu hadi leo huitaja kwa sauti ya chini, kama ugonjwa.

Nyumba iliyonifundisha adabu iko Milimani, mtaa wa wenye nazo. Mwenyewe ni mzee mjane, mstaafu, anayeishi na dada wa kazi aliyemsaidia tangu mkewe alipokuwa hai. Ni nyumba ya zamani ya mawe, kuta zake nene hivi kwamba ukikohoa chumbani, sebuleni hawajui kama u mzima. Ruta moja haingetosha. Niliifunga sebuleni, kisha nikaongeza visanduku viwili vya kupokezana mawimbi, sisi mafundi tunaviita nodi. Kimoja kiko koridoni karibu na chumba cha mzee. Kingine niliweka jikoni, dirishani, kikitazama kile chumba cha nyuma anacholala dada.

Hiyo ya jikoni ndiyo ilikuwa muhimu. Dada alikuwa anarudia hesabu ya Kidato cha Nne kwa masomo ya simu, kila Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni hadi saa tatu usiku. Mwalimu wao hakuwa na mchezo: ukikosa vipindi vitatu mfululizo unatolewa darasani, na kiti chako anapewa mwingine aliye kwenye foleni. Alinieleza hayo nikiwa juu ya ngazi, nami nikamwahidi mawimbi hadi chini ya kitanda. Nilikuwa na umri wa kuahidi watu mambo nikiwa juu ya ngazi.

Mwezi wa pili baada ya kazi ile baridi ikashuka, na mzee akanipigia. Tokeni za stima, ule umeme wa kulipia kabla, zilikuwa zinaisha kabla ya wakati wake. Alikuwa ameketi akafikiria ni kitu gani kipya kimeingia nyumbani mwake, akaona ni vile visanduku vyangu.

"Kijana, kitu kinachopepesa macho mchana na usiku lazima kinakula," alisema. "Njoo uniambie kinakula kiasi gani."

Mtu mwenye akili angesema hajui, atauliza. Mimi niliona bango la bluu. Hapa kuna mzee wa Milimani anataka maoni ya mtaalamu, na akiridhika atawaambia wazee wenzake kanisani. Nikaenda siku hiyo hiyo ya Jumatatu asubuhi, nikachomoa adapta moja, ile inayoingia kwenye soketi, nikaigeuza na kusoma maandishi madogo kwa uso wa daktari anayesoma picha ya mapafu. Mstari wa kwanza uliandikwa volti 100 hadi 240, ampea 0.5. Nilikumbuka jambo moja tu kutoka somo la fizikia: volti mara ampea ni wati. Mia mbili arobaini mara nusu, wati mia moja na ishirini. Mara vifaa vitatu, mia tatu na sitini. Mara saa ishirini na nne, mara siku thelathini, gawanya kwa elfu moja. Nilifanya kwenye simu, nikamwonyesha kioo.

Yuniti mia mbili hamsini na tisa kwa mwezi.

Mzee alivua miwani. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa sababu namba ilikuwa kubwa. Nilidhani namba kubwa ndiyo ishara ya utaalamu.

Aliamua papo hapo: ruta izimwe kila siku saa kumi na mbili jioni hadi asubuhi. Dada alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Aliiweka sinia mezani polepole, na ndipo nikakumbuka kwamba saa moja ni saa ya darasa lake. Nilifungua mdomo kumtetea, lakini namba yangu ilikuwa pale kwenye kioo inanitazama, nikanywa chai.

Jumatatu hiyo alikosa kipindi. Jumanne akakosa tena. Bando za simu hazikuweza kubeba darasa la video la saa mbili, na mshahara wake alikuwa akiutuma nyumbani upande wa Kariandusi, kwa mtoto wake. Jumatano akanipigia yeye mwenyewe. Nilijiandaa kulaumiwa. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Boss," aliniambia, "mimi ndiye huingiza tokeni kwa mita. Risiti zote ziko kwa mkebe wa majani chai. Mwezi uliopita nyumba nzima ilitumia yuniti mia moja na themanini. Friji, taa, pasi, kila kitu. Hivyo vitu vyako vitatu vilitoa wapi hizo mia mbili hamsini na tisa?"

Akaniuliza kama bado niko kwenye simu. Nilikuwepo, lakini kampuni yangu ilikuwa imefungwa.

Nilikwenda mbio mtaa wa Section 58 kwa fundi wa stima, mama mmoja anayetengeneza pasi na redio kwenye kibanda cha mabati, ambaye aliwahi kunifukuza kwa kumchezea bisibisi. Nilimweleza hesabu yangu. Alicheka hadi akaweka chini chombo cha kulehemu. Akanieleza kwamba ule mstari niliousoma ni kiwango cha juu kabisa ambacho adapta inaweza kuvuta ukutani, kwa mfano sekunde ile inapowashwa, na si kile inachokula kila saa. Hata mstari wa pili, wa umeme unaotoka kwenda kwenye ruta, ni uwezo tu.

"Hata sufuria imeandikwa lita kumi," alisema. "Wewe kila siku unapika lita kumi?"

Kisha akanipa dawa. Hakuhitaji kuniazima kifaa chochote. Mita ya tokeni ina taa ndogo nyekundu, na juu yake imeandikwa idadi ya mipepeso kwa kila yuniti moja. Nyingi ni elfu moja. Zima kila kitu ndani ya nyumba, acha hivyo vitatu pekee, uhesabu sekunde kutoka mpepeso hadi mpepeso. Usihesabu mmoja, akaonya, hesabu hata mitano, wewe si mtu wa kuaminiwa na mmoja.

Alhamisi saa kumi na moja jioni nilikuwa Milimani. Kwa mzee nilisema ukweli, kwamba nilisoma mahali pabaya, na kwamba naomba nusu saa. Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeomba funguo za gari. Lakini ni mtu wa haki. Alikubali, kwa sharti kwamba yeye ndiye atashika saa.

Tukazima friji. Tukachomoa televisheni, redio, chaja ya simu, hata saa ya ukutani ambayo baadaye niliambiwa inatumia betri. Dada akawasha ruta, tukangoja hadi nodi zote mbili zimeshikana nayo. Kisha tukasimama watatu koridoni mbele ya mita kama watu wanaongoja mtoto azaliwe.

Taa ikapepesa. Mzee akaanza kuhesabu muda. Tukangoja. Tukangoja tena. Gari likapita nje, mbwa wa jirani akabweka akachoka.

"Imekufa?" mzee akauliza.

"Haijafa, mzee. Haina kazi," dada akasema.

Ilipepesa tena baada ya dakika mbili na sekunde arobaini na kitu. Mpepeso wa tano kutoka ule wa kwanza ulitukuta kwenye dakika kumi na tatu na sekunde arobaini. Sikuthubutu kugusa simu yangu. Dada ndiye aliyepiga hesabu, kwa penseli, nyuma ya risiti ya tokeni. Sekunde mia nane na ishirini kwa mipepeso mitano ni mia moja sitini na nne kwa kila mmoja. Saa moja ina sekunde elfu tatu na mia sita, kwa hivyo mipepeso ishirini na miwili kwa saa. Wati ishirini na mbili, vifaa vyote vitatu pamoja. Mwezi mzima, bila kuzima hata dakika moja, karibu yuniti kumi na sita.

Namba yangu ilikuwa imezidi ukweli mara kumi na sita. Dada alilisema hilo pia, kwa upole, kama mwalimu anayerudisha daftari.

Mzee hakuridhika. Kama si visanduku, ni nini? Dada akatazama sakafu. Nikaona analijua jibu na hawezi kulisema, kwa hivyo nikajitolea mimi, kwa kuwa sikuwa na heshima ya kupoteza. Nilikwenda bafuni nikafungua shawa, ile ya stima inayochemsha maji yakipita, ambayo mzee aliifungisha mwezi ule ule wa baridi.

Mita ikashikwa na wazimu. Ile taa ilipepesa haraka kuliko moyo wangu, zaidi ya mara moja kila sekunde. Mzee alijaribu kuhesabu, akafika tisa akaachia.

Kila asubuhi mzee huoga dakika ishirini. Nyumba nzima hujua, kwa sababu huimba tenzi humo ndani, ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na kama ni utenzi anaoupenda huurudia. Kwa mwendo ule wa mipepeso ni kama wati elfu tano, na kwa dakika ishirini kila siku, dada aliandika, ni yuniti hamsini kwa mwezi. Akaiweka penseli chini na kusubiri.

Mzee aliichukua ile risiti akaisoma. Kisha akauliza kama akiimba beti mbili tu itakuwaje. Nikasema akioga dakika kumi ataokoa yuniti ishirini na tano.

"Na hivi visanduku nikivizima nikilala?"

Kutoka saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, dada akapiga: yuniti nne.

"Nne ni nne," mzee akasema. "Vizimwe saa tano."

Sikubishana. Ni kweli, nne ni nne. Nilimwuliza tu jinsi alivyokuwa akivizima wiki ile: alichomoa ruta ya sebuleni, akaziacha nodi mbili zinatafuta mwenzao usiku kucha na kula stima bure. Nikamwonyesha kwamba lazima zote tatu zichomolewe, na kwamba asubuhi azipe dakika chache ziamkiane kabla ya kunipigia simu kunitukana.

Ilikuwa inakaribia saa moja nilipokuwa nikifunga mkoba. Tulikuwa tumesahau kuirudisha friji, maziwa yalikuwa yameanza kupata joto, nikairudisha. Dada alikwishapotea. Nilipopita nyuma kuelekea geti, dirisha la chumba chake lilikuwa wazi na simu ikiegemea kopo la mafuta ya kujipaka. Sauti ya mwalimu ilikuwa ikiita majina, moja moja, na kila mtu akijibu yupo.

Nilisimama pale na ngazi yangu begani hadi nikasikia la kwake likiitwa, na akaitika.