Tiki Nilizozificha Mwenyewe

Dada yangu mkubwa hakuja kwenye ubatizo wa mtoto wangu, nami nikamtukana kwa simu. Anaishi kisiwani, Idjwi. Hasira ilipopoa nikamwandikia: "Dada, unisamehe."

Tiki moja: ujumbe umetoka kwangu. Baadaye zikawa mbili: simu yake imeupokea. Nikangoja ziwe za buluu, nijue amesoma. Siku tatu nzima zilibaki za kijivu. Nikachemka upya. Kiburi gani hiki, hataki hata kufungua!

Nilimlalamikia mama anayeuza unités za simu karibu na meza yangu ya vitenge, soko la Birere. Akachukua simu yangu, akaikagua, akacheka.

"Mama, buluu uliizima wewe mwenyewe. Ukificha zako, za wengine nazo hauzione."

Kweli, niliizima mwaka jana ili wateja wasijue kwamba nimesoma maswali yao ya bei. Niliona haya. Akaiwasha, akanishauri niandike ujumbe mwingine, maana ule wa zamani hautabadilika rangi. Nikaandika: "Dada, bado una hasira?"

Tiki mbili, na papo hapo zikawa buluu. Kisha jibu: "Nilisoma siku ile ile. Ningekujibu nini kwa vidole? Niko bandarini Kituku, natoka kwenye boti na mananasi yako. Kuja unisaidie kubeba."

Sikumjibu. Nilirukia pikipiki, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima nilifurahi kwamba mtu anaona nimesoma.