Mkwe Aliyesema Ushauri Wake Ni wa Bure

Kwetu mama mkwe haketi chumba kimoja na mume wa binti yake. Kwa hiyo siku mkwe wangu alipokuja nyumbani kwangu Shieywe kunishauri juu ya pesa zangu za kustaafu, yeye alikaa sebuleni, mimi nikabaki jikoni nyuma ya pazia, na binti yangu akawa mpelekaji wa maneno.

Nilikuwa muuguzi maisha yangu yote. Pesa zile ndizo pekee nilizokuwa nazo, na ziliniogopesha kuliko wodi yoyote nilimowahi kushika zamu. Mkwe, ambaye ni wakala wa bima, alitaka nichukue bima ya akiba ya miaka kumi, niwe nalipia kila mwaka.

"Muulize yeye analipwanga na nani," nilimwambia binti kwa sauti ya chini.

Akaenda, akauliza. Nikamsikia mkwe akicheka kwa adabu. "Mwambie mama ushauri wangu ni wa bure."

Mimi sikuzaliwa jana. "Mwambie daktari wa bure huwa na duka la dawa."

Binti alilipeleka kwa lugha laini zaidi. Hapo mkwe akakiri kwamba kampuni humpa kamisheni, na ile nono hutoka kwenye malipo ya mwaka wa kwanza. Nikatuma lingine: nikishindwa kulipa mwaka wa pili, narudishiwa nini? Pengine hakuna, alisema. Nikatuma swali nililookota kwenye semina ya wastaafu: nikinunua bondi za serikali, yeye anapata nini?

Ilibidi binti amuulize mara mbili. "Hapo mimi sipati kitu."

Nilimheshimu kwa hilo, sitasema uongo. Lakini jibu lilitoka kama jino bovu, kwa kuvutwa, na mshauri wa kuaminika angeanzia hapo.

Binti aliporudi jikoni alileta maneno yake mwenyewe. "Mama, hiyo kamisheni ndio ya ng'ombe waliobaki. Baba wadogo wamesema ng'ombe wasipofika Desemba, nirudi nyumbani."

Nilikasirika, nikaubwaga mwiko ndani ya sufuria. Kumbe mahari ya mwanangu niilipe mimi, kwa uzee wangu! Ningewasamehe ng'ombe hao papo hapo, ila si wangu wa kusamehe. Ni wa upande wa baba yake, yaani shemeji zangu, na shemeji zangu hawajawahi kusamehe hata kuku.

"Mwambie nitafikiria," nilisema.

Akapita pazia. Nikamsikia vizuri sana.

"Mama amekubali."

Mkwe akashukuru kwa sauti, akaniombea maisha marefu. Ningeweza kutoka nikamwambia hapana usoni, nikavunja mwiko na ndoa ya mwanangu kwa mkupuo mmoja. Sikutoka. Binti akarudi na fomu na kalamu, akasimama mlangoni akingoja, na alikuwa analia.